Mita, mitungi na insha ya maneno 500: kisa cha mwombaji mmoja wa Nyalenda

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Idara moja ya uhandisi wa maji na mazingira nchini Marekani ilimtaka kila mwombaji wa shahada ya uzamili aeleze, kwa maneno yasiyozidi 500, jinsi malezi, mazingira na uzoefu wake ulivyomwandaa kuchangia maisha ya pamoja ya idara hiyo. Hiyo ilikuwa insha ya pili. Ya kwanza ni ile inayoeleza lengo la masomo: mwombaji anataka kuchunguza nini, amesoma nini na anataka kufanya kazi na profesa yupi. Binti niliyekuwa nikimsaidia, mzaliwa wa Nyalenda hapa Kisumu, aliimaliza hiyo ya kwanza bila taabu kubwa. Ya pili ndiyo iliyomkwamisha. Ameniruhusu niieleze safari yake, nami nimeyaacha majina na baadhi ya mambo ya nyumbani kwao.

Insha iliandikwa kwa Kiingereza. Hapa nainukuu kwa Kiswahili. Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi:

"Mimi ni mwanamke Mwafrika niliyelelewa katika mtaa wa mabanda, mtoto wa makabila mawili na wa kwanza katika familia yangu kufika chuo kikuu. Nimepitia umaskini, ubaguzi wa kijinsia na ubaguzi wa kikabila. Changamoto hizi zimenifanya niwe jasiri na mwenye huruma. Nitaleta utofauti katika idara yenu na kuwa sauti ya wasio na sauti."

Kila neno hapo ni kweli. Shida ni kwamba kweli hiyo ni ya watu wengi mno. Nilimwomba afanye jaribio dogo: achukue kalamu, akate kila jina la kundi, yaani mwanamke, Mwafrika, mtaa wa mabanda, makabila mawili, wa kwanza katika familia, kisha asome kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa ujasiri na huruma. Kisha nikamwomba ampe maneno hayo mwombaji wa Mathare, au wa Lagos, au kijana wa Bondo anayeomba kusomea uuguzi. Yaliwakaa wote sawasawa. Aya inayoweza kuhamishwa hivyo haijamweleza msomaji lolote juu ya aliyeiandika, na msomaji wa kamati ya udahili, aliye na rundo la mafaili mbele yake, huipita kwa haraka bila kukumbuka chochote.

Kuna sababu ya pili ya kuiacha aya ya namna hiyo, nayo ni ya kisheria. Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi zilizowahusu Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, ikavizuia vyuo kumpa mwombaji nafasi kwa kuzingatia rangi yake kama rangi. Kesi zilihusu shahada ya kwanza, lakini vyuo viliuchukua uamuzi huo kuwa unagusa ngazi zote za udahili. Jaji Mkuu John Roberts aliacha mlango mmoja wazi: mwombaji anaweza kueleza namna rangi yake ilivyogusa maisha yake, iwe kwa ubaguzi au kwa kumtia moyo, mradi maelezo hayo yafungamane na tabia au uwezo fulani ambao mtu huyo mwenyewe atauleta chuoni. Kwa hiyo hata anayeisoma insha kwa moyo mweupe hawezi kumtuza mtu kwa kuwa tu amejitaja ni wa kundi fulani. Anatafuta uwezo. Tangu wakati huo idara nyingi zimebadili maswali yao au kuyaondoa kabisa, na msukumo wa kuyaondoa uliongezeka mwaka 2025, ndiyo maana swali la mwaka uliopita halifai kutumiwa bila kufungua tovuti ya maombi ya mwaka huu.

Jambo jingine ambalo waombaji wa kwetu hawaambiwi: vyuo vya Marekani vinapotoa takwimu za wanafunzi kwa serikali yao, mwanafunzi wa kigeni huwekwa katika fungu la wasio wakazi, na rangi yake haihesabiwi katika mafungu ya rangi. Binti huyu alidhani neno "Mwafrika" lingemweka mahali fulani katika hesabu zao. Halikuwa na pa kumweka. Na kitambulisho kilichokuwa na uzito mkubwa zaidi maishani mwake Kisumu, kwamba baba yake ni Mmaragoli wa Vihiga na mama yake ni Mluo wa uwanda wa Kano, hakina kisanduku chochote katika fomu ya Marekani. Hilo halikumaanisha aliache nje. Lilimaanisha kwamba likiingia, liingie likiwa na kazi ya kufanya.

Nikamwambia aiweke rasimu kando anisimulie Jumamosi yake ya kawaida.

"Jumamosi nakaa kwenye kioski ya mama, Mwalimu. Lakini hiyo si kitu cha kuandika."

Nikamwomba asimulie hata hivyo.

Nyalenda, kama mitaa mingine ya hali hiyo, maji mengi hayafiki nyumbani moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya maji. Kampuni huuza maji kwa jumla kupitia mita kuu kwa msimamizi wa laini, ambaye mara nyingi ni kikundi cha wakazi. Kikundi ndicho kinachoyasambaza kwa mabomba yake hadi kwenye kioski na nyumba, kinakusanya pesa na kulipa bili ya mita kuu. Kikundi cha mama yake kilikuwa na kioski sita kwenye laini moja. Kila mwisho wa mwezi bili ilikuwa kubwa kuliko mauzo, na kila mwisho wa mwezi ugomvi ulikuwa ule ule: wauzaji wanakula pesa. Aliyekuwa akinyooshewa kidole zaidi ni mama mmoja mgeni, aliyetoka upande wa Vihiga, ambaye Dholuo yake ilikuwa ya kubahatisha.

Binti, wakati huo akiwa mwaka wa tatu wa uhandisi, aliomba apewe wiki moja ahesabu. Kila kioski ikawekewa daftari. Wauzaji wawili hawakuwa wepisi wa kuandika, kwa hiyo mtungi mmoja ukawa mstari mmoja, na mstari wa tano ukakata minne. Mita kuu ilisomwa Jumatatu asubuhi na Jumatatu iliyofuata. Ilionyesha yuniti 30. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, basi ilitarajiwa iuzwe mitungi 1,500. Daftari zote pamoja zilikuwa na mitungi 1,140. Mitungi 360 haikuonekana, karibu robo ya maji yote. Waliokuwa wakisema kuna wizi waliona wamethibitishiwa.

Hapo ndipo akafanya kile ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha kisa chote. Alichukua jagi la lita moja, akaujaza mtungi mbele ya mkutano, jagi baada ya jagi, huku wote wakihesabu kwa sauti. Mtungi unaoitwa wa lita 20, ukijazwa hadi mdomoni kama wanunuzi wanavyodai, ulichukua lita 22. Kwa hiyo mitungi 1,140 ilikuwa imeondoka na zaidi ya yuniti 25, si chini ya 23 kama walivyokuwa wakipiga hesabu. Karibu thuluthi ya "wizi" ilikuwa maji ambayo wanunuzi waliyabeba wazi wazi mchana.

Zilibaki karibu yuniti tano. Usiku mmoja bomba zote za kioski na za nyumba zilifungwa, mita kuu ikasomwa saa nne usiku na tena saa kumi alfajiri. Katika saa hizo sita ilisogea lita 150, na hakuna aliyekuwa akichota. Hizo ni lita 25 kwa saa. Zikizidishwa kwa saa 168 za wiki zinakuwa lita 4,200, yuniti nne na kitu. Uvujaji ulipatikana mahali laini inapovuka mtaro. Binti mwenyewe alinitahadharisha kwamba makadirio hayo yako juu kidogo, kwa sababu usiku watu wakilala presha hupanda na bomba lililotoboka huvuja zaidi kuliko mchana. Ziada iliyobaki kwa makadirio hayo, ukiigawa kwa kioski sita na siku saba, haifiki hata mtungi mmoja kwa kioski kwa siku: maji ya kusuuza mitungi, ya kumpa mtoto anywe, na mistari iliyosahaulika.

Mama wa Vihiga hakuwa ameiba kitu.

Nilimuuliza binti kwa nini hakusoma mita peke yake, yeye aliyekuwa na ujuzi. Jibu lake ndilo lililoijenga upya insha.

"Wangesema nawatetea watu wa baba yangu. Na wengine wangesema namtetea mama, maana naye ni muuzaji. Kwa hiyo kila mara nilichukua wawili, mmoja anayemshuku yule mama na mmoja anayemtetea. Walisoma wao, wakaandika wao, wakatia sahihi. Mimi nilishika tochi."

Mahali hapo asili yake ilikuwa imefanya kazi. Alijua tangu utotoni kuwa neno lake linaweza kupimwa kwa jina la baba yake, hasa kwa watu wanaofuatilia habari za Maseno, ambako kaunti za Kisumu na Vihiga zimekuwa zikivutania mpaka. Kwa kulijua hilo, alipanga upimaji ambao ukweli wake haukutegemea mtu kumwamini yeye. Mhandisi mwingine mwenye hesabu zile zile angeweza kusoma mita peke yake, akapata namba sahihi, na kikundi kikaikataa. Huo sasa ni uwezo, na idara inayotuma wanafunzi wakapime maji ya watu ina haja nao.

Tulirudi kwenye karatasi. Uamuzi wa kwanza ulikuwa nini kitajwe kuhusu asili yake na kwa sentensi ngapi. Kuna wenzangu wanaoshikilia kwamba vitambulisho viwekwe juu kabisa, kwa sababu kamati husoma haraka. Mimi sikubaliani nao. Kitambulisho kikikaa juu, msomaji huanza kukisia habari nyingine yote kutokana na anachokijua, au anachodhani anakijua, juu ya kundi hilo, na mwandishi hutumia maneno yake 500 kuthibitisha picha iliyokwisha kuchorwa. Kikikaa pale kinapohitajika ili tendo lieleweke, humweleza mtu. Kipimo ninachokitumia ni sentensi inayofuata: ukitaja kabila, jinsia au mtaa, je, sentensi inayofuata ingeeleweka bila kutajwa huko? Ikieleweka vizuri tu, utajo huo ni wa kuondolewa.

Kwa kipimo hicho, asili ya wazazi ilibaki, maana bila hiyo habari ya wasomaji wawili wa mita haina sababu. Nyalenda ilibaki, lakini kama mahali penye laini, mita na kikundi. Kuwa wa kwanza katika familia kufika chuo kikuu kuliondoka. Fomu ya maombi ilikuwa na swali lake kuhusu elimu ya wazazi, na huko ndiko jibu lilikotosha. Jinsia iliondoka pia, kwa uamuzi wake mwenyewe: alisema katika mkutano ule hakuna aliyemzuia kusema kwa kuwa ni msichana, na ubaguzi aliokutana nao katika maabara ya chuo ulikuwa habari nyingine ambayo hakutaka kuianika kwa watu asiowajua. Nilimuunga mkono. Hakuna swali la udahili linalomdai mtu jeraha lake.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na aya nzima juu ya ugonjwa wa mama yake. Ilikuwa imeandikwa kwa machozi, na ilikuwa aya yenye nguvu. Nilimuuliza kama mama anajua kwamba maradhi yake yameandikwa humo. Hakujua. Faili la maombi husomwa na watu wengi, huhifadhiwa, na baadaye mwanafunzi hukutana na baadhi ya wasomaji hao darasani kila wiki. Siri ya mama haikuwa ya binti kuitoa, na tena aya hiyo haikuwa na tendo lolote la binti ndani yake. Alikuwa akimwomba msomaji amhurumie. Akaikata, na katika nafasi iliyopatikana akaweka jagi na mtungi.

Kwa kikundi cha maji nacho aliomba ruhusa. Hakuna jina la mtu wala la kikundi lililoingia, na mama wa Vihiga alielezwa tu kama "muuzaji mgeni katika laini yetu". Bado alimpigia simu kumweleza atakavyomwandika. Mama yule alicheka, akasema aandike pia kwamba mita haidanganyi. Halikuingia, nafasi haikutosha.

Hivi ndivyo insha ya mwisho ilivyofungua:

"Katika laini ya maji ambako mama yangu anauza, mitungi 360 ilipotea kwa wiki moja, na muuzaji mmoja akashutumiwa kuwa mwizi. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, na nilijua namna ya kuyatafuta maji yaliyopotea. Nilijua pia kwamba matokeo yangu hayangeaminika. Mama yangu ni mmoja wa wauzaji, na baba yangu anatoka jamii moja na aliyeshutumiwa. Kwa hiyo nilipanga kila kipimo kisomwe na watu wawili waliokuwa na mawazo tofauti kuhusu kesi hiyo, kisha wote wawili watie sahihi."

Angalia kabila lilivyoingia: halikutajwa hata kwa jina. Yeye ndiye aliyechagua hivyo, akisema "Mmaragoli" lingehitaji maelezo ambayo msomaji wa Marekani hana haja nayo, ilhali "jamii moja na aliyeshutumiwa" inabeba uzito wote. Mwombaji mwingine angeweza kulitaja jina na nisingepinga, mradi maelezo yake yasigeuke somo la historia ya Kenya.

Aya ya pili ilieleza jagi, mtungi na usomaji wa usiku. Hesabu zote nilizozitaja hapo juu alikuwa nazo, na katika rasimu ya pili alizimwaga zote. Tukabakisha tatu: mitungi 360, lita 22, na lita 150 za saa sita. Nyingine ni za maelezo ya lengo la masomo au za mazungumzo na profesa. Insha hii haikuulizwa mbinu za kupima uvujaji. Msomaji anahitaji tarakimu za kutosha kuamini kwamba kazi ilifanyika na kwamba aliyeifanya anaielewa.

Aya ya tatu ndiyo niliyomhimiza asiiondoe, ingawa aliiogopa. Inasema kwamba laini ilitengenezwa baada ya kikundi kuchanga pesa, na shutuma dhidi ya yule mama zikakoma, lakini baada ya miezi mitatu kioski mbili zilikuwa zimeacha kuandika mistari. Sababu yake aliigundua kwa kuwauliza: saa ya msongamano asubuhi, foleni ikiwa ndefu, mkono mmoja uko kwenye bomba na mwingine unapokea sarafu. Daftari lilikuwa limebuniwa na mtu ambaye hakai pale siku za kazi. Aliandika hivyo hivyo, na kwamba baadaye walihamia kuhesabu sarafu mwisho wa siku, njia yenye makosa zaidi lakini inayodumu. Kwa wahandisi, aya hii ina thamani kuliko sifa zote za uongozi. Inaonyesha mtu anayerudi kuangalia kama kitu chake bado kinatumika.

Sehemu iliyotusumbua zaidi ilikuwa ya mwisho, ile ya atakachochangia. Rasimu ya kwanza iliahidi kuanzisha chama cha wanawake wa Kiafrika katika sekta ya maji, kuandaa mkutano wa kila mwaka na kuwa mfano wa kuigwa. Mwanafunzi wa uzamili ana miaka miwili, masomo, utafiti na mara nyingi kazi ya kusaidia kufundisha. Ahadi kubwa kuliko muda humwonyesha msomaji kwamba mwombaji hajayafikiria maisha yenyewe yatakavyokuwa. Pia hakuna kilichoiunganisha ahadi hiyo na aliyoyafanya Nyalenda. Hakuwahi kuanzisha chama. Alichokifanya ni kukaa katikati ya watu wasioaminiana na kuwapa kipimo ambacho wote wangekikubali.

Akaufungua ukurasa wa idara, akausoma mpaka habari za wanafunzi. Idara ilikuwa na mradi ambamo wanafunzi hupima maji ya visima vya wakazi wa vijijini karibu na chuo na kuwarudishia majibu. Pia wanafunzi wa uzamili walisaidia katika darasa la vipimo la mwaka wa kwanza. Mambo mawili, yote yapo tayari, yote yana nafasi ya mtu kama yeye. Aliandika:

"Ningependa kushiriki katika mradi wenu wa visima, hasa katika hatua ya kurudisha majibu. Nimejifunza kwamba mwenye kisima anaweza kupewa namba sahihi na bado asiitumie, ikiwa hakuona ilivyopatikana. Ningependekeza wakazi wenyewe washike chupa ya sampuli na kusoma kipimo pale ambapo kifaa kinaruhusu. Katika darasa la vipimo, ningewaletea wanafunzi tatizo la mtungi wa lita 20: kabla ya kutafuta mwizi au uvujaji, pima chombo."

Hapo alikuwa na maneno 486 ya Kiingereza. Akaacha hivyo, hakujaza.

Kabla ya kutuma nilimpa msomaji wa pili, mwalimu mwenzangu asiyemjua binti, nikamwomba aniambie baada ya kusoma mara moja: mtu huyu alifanya nini, kwa nini alifanya kwa njia hiyo, na mkimpata idarani atafanya nini? Alijibu yote matatu bila kuirudia karatasi. Nikamuuliza anatoka kundi gani. Akasema, "Anatoka kwa wauza maji, na ana ndugu pande mbili." Kwa rasimu ya kwanza, msomaji yule yule aliweza kujibu swali la kundi pekee.

Tulikagua pia kama insha inarudia ile ya lengo la masomo. Uvujaji ulitajwa katika zote mbili, kwa kuwa ndio uliomvutia kwenye utafiti wa mitandao ya maji. Katika ile ya kwanza alieleza swali la kisayansi, yaani jinsi ya kukadiria uvujaji katika laini ndogo zisizo na mita za kutosha ambako maji hayatoki saa zote. Katika hii alieleza watu. Wasomaji hao hao husoma insha zote mbili mfululizo, na aya iliyonakiliwa huonekana mara moja.

Aliomba vyuo vitatu. Chuo cha pili hakikuuliza habari ya malezi kabisa. Kilimtaka aeleze wakati alipofanya kazi na watu wenye maoni yanayopingana na yake. Swali la namna hii linazidi kuonekana, na kwake lilikuwa jepesi, kwa sababu wasomaji wawili wa mita walikuwa tayari pale. Alibadili mwanzo, akafafanua zaidi mabishano ya mkutano, akaondoa habari ya darasa la vipimo, akatafuta kilicho katika idara hiyo ya pili. Kama angekuwa amebaki na aya ya vitambulisho, asingekuwa na kitu cha kuhamisha.

Chuo cha tatu kiliiondoa insha hiyo katika mwaka huo huo wa maombi. Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo ya lengo la masomo na barua za wadhamini tu. Kisa cha mita kikaingia katika maelezo ya lengo kwa sentensi tatu, mwishoni mwa aya inayoeleza alivyoanza kupendezwa na maji yanayopotea. Mhadhiri wake, aliyekuwa ameziona daftari zile wakati akisimamia mradi wake wa mwaka wa mwisho, alikubali kueleza katika barua yake ya udhamini habari ya sahihi mbili mbili kwenye kila usomaji. Binti alimtumia picha za kurasa hizo ili asiandike kwa kukumbuka.